Kupasha kabla ya mita 1500 na kabla ya marathoni: nilinakili ratiba ileile, nikakata moto Mweka

Mguu_wa_Moro (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Kuna jambo linanisumbua tangu nirudi kutoka Moshi, naomba wenye uzoefu mnisaidie kulichambua.

Mimi ni mkimbiaji wa kawaida tu, miaka 34, kilo 64. Mbio zangu za asili ni mita 1500. Mwezi wa 9 mwaka jana nilikimbia 4:31 kwenye mashindano ya watumishi, muda wangu bora tangu nimalize chuo. Siku ile nilipasha kuliko siku zote: jogingi kilomita 3, mazoezi ya kupandisha magoti na kupiga visigino matakoni, vipande 6 vya mita 80 vya kuachia mguu, mwisho mita 300 moja kwa kasi ya mbio yenyewe. Nilisimama mstarini jasho linanitoka na mguu unadunda kama mpira.

Mwezi wa 2 nikaenda Kilimanjaro Marathoni, kilomita 42 yangu ya kwanza. Lengo lilikuwa 3:30, yaani kama dakika 5 kwa kilomita. Nikajiambia dawa iliyonitibu juzi itanitibu na leo. Nikapasha vilevile, hatua kwa hatua, hadi ile mita 300. Kilomita 5 za kwanza nilipita kwa 23:10 na nilijiona kama natembea. Tulipokuwa tunapanda kuelekea Mweka, kwenye kilomita ya 28 hivi, nikakata moto. Sisemi nilichoka. Gari lilizima kabisa, mpaka mama mmoja wa pembeni akanipa pole kama kwenye msiba. Nikamaliza 3:52, natembea, nakimbia, natembea.

Mazoezi nilifanya, mbio za kilomita 30 mara 3. Swali langu: kupasha ndiko kulikoniponza? Na kama ndiyo, kwa nini kitu kilekile kiliniokoa kwenye 1500?

Mla_Kiporo

Nimeona "kupasha" nikajua tupo jukwaa la mapishi. Naondoka kimyakimya, poleni na majukumu.

Chuma_Hakilali

Mkuu, kupasha hakujawahi kumponza mtu. Misuli ya baridi hukatika, hilo halina mjadala. Mimi gym nawapasha watu nusu saa, awe anabeba chuma, awe anakimbia, sheria ni moja. Tena mbio ikiwa ndefu, kupasha kuwe kurefu zaidi, maana mwili unakwenda kufanya kazi kubwa zaidi. Wewe tatizo lako ni kilomita 30 mara 3, ni chache. Na ungejichua ile dawa ya moto mapajani kabla ya kuanza ungeona tofauti.

Muuguzi_wa_Zamu

@Chuma_Hakilali nusu yako ni kweli. Msuli wenye joto hujikunja upesi na huachia upesi, na hauchaniki kirahisi mtu anaporuka au kutoka kwa nguvu. Ila dawa ya kuchua inachoma ngozi tu. Unahisi moto kwa sababu imechokoza mishipa ya fahamu ya ngozini, ndani msuli uko vilevile kama ulivyoamka. Msuli hupata joto kwa kufanya kazi.

Na hiyo hoja ya "mbio ndefu, kupasha kurefu" ndiyo imegeuka kichwa chini. Subirini wenye fani waje.

Kocha_wa_Mbulu

Nimefundisha riadha shule za sekondari miaka mingi, wengi wa mita 800 na 1500, wachache wakaenda barabarani. @Mguu_wa_Moro, swali lako zuri kwa sababu umeweka namba. Twende nazo.

Mwili ukitoka kwenye kusimama ukaingia kwenye kasi, oksijeni haifiki kwenye misuli papo hapo. Moyo, mapafu na mishipa vinahitaji dakika moja na nusu, mbili hivi, kufikia kiwango kinachotakiwa. Katika muda huo misuli inaishi kwa mkopo. Sasa tazama: 1500 yako ni sekunde 271. Dakika 2 za mkopo ni karibu nusu ya mbio! Ukiingia hujapasha, unakopa sana mzunguko wa kwanza, na deni linakuja kudaiwa kwenye mita 400 za mwisho, pale mikono inapokuwa mizito na mdomo unapokauka. Ukiwa umepasha, tena umeweka kipande kimoja kikali kabla, oksijeni inapanda haraka zaidi bunduki inapolia, na mkopo unakuwa mdogo. Ndiyo maana ile siku mguu ulidunda.

Kwenye marathoni, dakika 2 hizohizo ni kati ya dakika 232 ulizokimbia. Haifiki hata moja katika mia. Tena kasi ya dakika 5 kwa kilomita kwako wewe ni kasi ya maongezi, mkopo wenyewe ni kidogo na unaulipa kabla hujafika kilomita ya pili. Kwa hiyo kile ulichokwenda kununua kwa kupasha kwa nguvu, kwenye marathoni hakiuzwi. Kilomita zako mbili za kwanza ndizo kupasha kwenyewe.

Hiyo ni sehemu ya kwanza. Sehemu ya pili ni gharama. Narudi jioni, nina vipindi.

Dada_wa_Mafinga

Naweka kambi hapa. Mimi huwa namaliza marathoni kwa saa 5 na ushee, sijawahi kupasha zaidi ya kutembea kutoka kwenye gari hadi mstarini. Nilidhani ni uvivu wangu, kumbe nina sayansi!

Ila swali, huku kwetu Mafinga mwezi wa 6 na wa 7 alfajiri ni baridi ya kutia ganzi. Napo nisipashe?

Muuguzi_wa_Zamu

Dada, baridi ni jambo jingine. Hapo unachotafuta ni kutoanza ukitetemeka, maana kutetemeka nako ni kazi, kunakula sukari ile ile ya misuli. Vaa sweta la mtumba ambalo hutalilia, simama nalo mpaka dakika za mwisho, kisha mwachie mtu. Tembea haraka dakika 10, basi. Nguo ikikupasha hulipi chochote.

Kuhusu gharama, wakati tunamsubiri kocha. Hesabu ya haraka ya mkimbiaji: kilo moja ya mwili kwa kilomita moja inakula kama kalori moja. Mguu_wa_Moro ana kilo 64, kilomita 42, ni kama 2,700. Sukari iliyohifadhiwa kwenye misuli na ini, kwa mtu aliyekula vizuri, ni kama 2,000. Pengo linazibwa na mafuta ya mwili na kile unachokunywa njiani. Mafuta yapo tele ila yanatoka taratibu, na kadiri unavyoongeza kasi ndivyo mwili unavyochagua sukari. Sasa yeye kabla ya mstari ameshakwenda kilomita 4 na zaidi ukijumlisha jogingi, kwenda na kurudi kwenye vipande, na ile 300. Hiyo ni kalori 270 au karibu 300, na vipande vya kasi vinakula sukari hasa. Kwangu mimi hapo ndipo penye jibu: alianza safari na tangi lenye upungufu, Mweka ikamdai.

Mtoka_Iten

Mnisikize, mimi niko huku Iten, si bingwa, lakini nakimbia nao asubuhi. Wageni wakija hushangaa jinsi mazoezi yanavyoanza. Mtu wa 2:08 anatoka nyumbani akikokota miguu kama mzee anayeenda kufungua ng'ombe. Hata wewe unampita. Kilomita ya nne, ya tano, ndipo unaachwa.

Lakini siku ya marathoni wale wa mbele hupasha, tusidanganyane. Jogingi ya dakika 10 hadi 15 pole kabisa, wanyooshe kidogo, vipande 2 au 3 vifupi, wanaingia. Kwa nini? Kiptum Chicago 2023 alikimbia 2:00:35, hiyo ni kama 2:51 kwa kila kilomita. Mtu kama huyo hana kilomita ya kuamka nayo, akichelewa kikundi kimeenda. Na hawa husimama mstari wa kwanza, wanaitwa dakika chache kabla. Sisi wengine tunasimama nyuma kwenye umati nusu saa nzima tukishikilia simu, kwa hivyo hata ukipasha kama yeye, ukianza umeshapoa.

Kocha_wa_Mbulu

Nimerudi. Ahsante ndugu wa Iten, umenisaidia kazi. Kanuni ninayowapa vijana ni hii: angalia kilomita yako ya kwanza ina ukali gani ukilinganisha na uwezo wako, usiangalie urefu wa mbio peke yake.

Muuguzi, hesabu yako ni sahihi lakini sikubaliani na hukumu. Hizo kalori 270 si sukari tupu, jogingi ya pole inachanganya na mafuta. Na upungufu huo angeufidia kwa jeli mbili njiani. Mtu haanguki kilomita ya 28 kwa ajili ya hilo peke yake. Mimi naona jeraha liko hapa: alipanga kilomita 5 za kwanza kwa dakika 25, akapita kwa 23:10. Hiyo ni 4:38 kwa kilomita. Na kwa nini alijiona anatembea? Kwa sababu dakika chache kabla alikuwa amekimbia mita 300 kwa kasi ya 1500 yake, ambayo ni dakika 3 kwa kilomita. Ukitoka kwenye basi linalokimbia sana, daladala unaliona limesimama. Kupasha kule kuliharibu kipimo chake cha kasi. Miguu ilishaamshwa kwa kazi ya dakika nne na nusu, ikapelekwa kwenye kazi ya saa tatu na nusu.

Kwa hiyo @Mguu_wa_Moro, ndiyo, kupasha kulichangia, ila kwa njia ya kukukosesha subira zaidi kuliko kukumalizia mafuta. Huo ni mtazamo wangu.

Muuguzi_wa_Zamu

Kocha, tunaweza wote kuwa sahihi. Aliyeanza kwa 4:38 akiwa na tangi pungufu anapigwa mara mbili. Lakini jeli mbili anazitaja mtu ambaye tumbo lake linazikubali, na ni marathoni yake ya kwanza. @Mguu_wa_Moro ulikula nini njiani?

Mguu_wa_Moro

Maji tu na kipande cha chungwa. Jeli niliogopa tumbo.

Na kocha, hiyo ya basi na daladala umenipata pabaya. Saa yangu ilikuwa inalia kwamba niko juu ya kasi, nikaipuuza, nikasema leo niko vizuri.

Chuma_Hakilali

Sawa, nakubali kwenye dawa ya kuchua. Lakini kunyoosha je? Mimi nafundisha kushika kila msuli nusu dakika mpaka dakika nzima kabla ya kazi. Na asidi ya laktiki, nayo si inasafishwa kwa kupasha?

Kocha_wa_Mbulu

Kunyoosha kwa kushikilia dakika nzima kila msuli, kisha ukaingia mbio za kasi, unapunguza nguvu ya msuli kidogo kwa muda. Mtu wa marathoni hataona tofauti, mtu wa mita 100 ataiona. Vijana wangu nawapa kubembea miguu mbele na nyuma, kuchuchumaa, kutembea kwa hatua ndefu. Kushikilia wafanye jioni nyumbani. Sekunde 10 kwenye msuli unaokubana si dhambi.

Asidi iacheni. Kupasha hakusafishi chochote, kwa sababu kabla ya mbio hakuna kilichojaa. Ukipasha kupita kiasi ndipo unapoijaza mwenyewe, na dalili yake naieleza chini.

Niwawekee siku mbili jinsi ninavyozipanga. Mita 1500 saa 10:00 jioni. Saa 9:05 jogingi dakika 12, tano za mwanzo pole kabisa, mbili za mwisho zichangamke. Halafu dakika 10 za magoti, visigino, kuruka kwa mguu mmoja mmoja. Saa 9:30 vipande 4 vya mita 80, kila kimoja kichangamke kuliko kilichotangulia, na kutembea kurudi. Saa 9:40, yaani dakika 20 kabla, mita 200 kwa kasi ya mbio. Nasema 200, ile 300 yako ni nyingi kwangu. Kisha vaa nguo ya juu, tembea, badili viatu vaa spaiki, dakika tano kabla vipande 2 vifupi vya kuamsha tu.

Hii ya mita 200 sikuizua. Kuna utafiti wa Waingereza wa mwaka 2013 kwa wakimbiaji wa 800. Siku moja walipasha kwa vipande 6 vya mita 50, siku nyingine vipande 2 na mita 200 kwa kasi ya mbio, wakapumzika dakika 20. Siku ya mita 200 muda wao ulishuka kwa sekunde moja na kidogo. Kwenye 800, sekunde moja ni mita 6 au 7, ni nafasi tatu kwenye jedwali.

Dalili sasa. Umepasha vya kutosha kama paji la uso lina jasho, pumzi imerudi kawaida, na kipande cha mwisho kinakwenda chenyewe. Kama kipande cha mwisho ni kizito kuliko cha kwanza, umepitiliza, simama hapo hapo. Na ukishakimbia, kama mzunguko wa kwanza ulikukaba koo kisha wa tatu ukawa mwepesi kuliko wa kwanza, ulikuwa hujapasha.

Marathoni saa 12:30 asubuhi. Saa 10 alfajiri uko macho, chai, mkate, ndizi. Saa 11:50 tembea dakika 10. Saa 12 kamili jogingi dakika 5, ile ya kukokota ya Iten. Bembea miguu. Choo. Hiki usikidharau, foleni ni ndefu na kutembea kule kunasaidia tumbo kuamka. Saa 12:15 ingia mstarini ukiwa fulana kavu. Kilomita ya kwanza 5:15, ya pili 5:10, ya tatu ingia kwenye dakika 5. Umepoteza sekunde 25. Kwenye 1500 sekunde 25 ni kuwa wa mwisho, kwenye marathoni unazirudisha kwa wewe kutotembea hata kilomita moja ya mwisho.

Binti_Spaiki

Shikamoo kocha. Mimi nakimbia 400 na 800, niko chuo. Nilipasha vizuri kama unavyosema, halafu tukawekwa kwenye chumba cha kuitia, joto la mabati lakini tumekaa tu kwenye viti, ratiba ikachelewa dakika 40. Tulipotolewa miguu ilikuwa mbao. 800 yangu ikaenda 2:21 wakati mazoezini nakimbia 2:16. Hapo mtu afanyeje?

Kocha_wa_Mbulu

Marahaba binti. Hilo ndilo linalowaua wengi, tena wa mbio fupi tu, wa marathoni hata angecheleweshwa saa nzima asingejali sana. Joto la msuli unalolijenga kwa dakika 15 linaanza kushuka mara ukikaa, na ndani ya robo saa hadi dakika 20 sehemu kubwa imeondoka. Mambo mawili. Usivue suruali ndefu mpaka uambiwe vua, hata kama chumba kina joto, ngozi yako inatoa jasho lakini paja linapoa. Pili usikae. Ruka pale pale, pandisha magoti, chuchumaa kidogo, sekunde 20 kila baada ya dakika 3 au 4. Ukitolewa nje, kabla ya kwenda mstarini, omba nafasi ya vipande 2 vya mita 40. Mwamuzi mwenye roho nzuri atakuruhusu.

Kurudia kupasha kote upya? Usifanye. Utafika umechoka.

Msomaji_wa_Riadha

Kuna kitu hakijaguswa, nacho ni joto la mwili lenyewe. Kwenye mbio fupi unalitafuta, kwenye marathoni ya jua kali unalikimbia. Athens 2004, marathoni ya wanawake ilianza saa 12 jioni na joto lilikuwa kama nyuzi 35. Deena Kastor wa Marekani alipasha akiwa amevaa fulana yenye barafu, akaanza taratibu nyuma ya kundi la mbele, akapita watu mmoja mmoja, akachukua shaba. Mwenzake Meb Keflezighi naye alitumia fulana hizo, akapata fedha kwa wanaume.

Sababu ni kwamba mwili unaanza kwenye nyuzi 37, na ukifika 39 na nusu hivi kichwa kinaanza kuamuru upunguze mwendo. Nafasi uliyo nayo ni nyuzi 2 na kidogo. Ukipasha mpaka jasho likatiririka kwenye unyevu wa Dar, umeshakula nyuzi nzima kabla ya bunduki.

Dada_wa_Mafinga

Kwa hiyo Dar mnapasha kwa barafu, Mafinga tunapasha kwa sweta la mtumba. Dunia hii.

Mtoka_Iten

Na watu wa Dar wasiende kutafuta fulana ya barafu mjini, haipo. Chupa ya maji baridi mkononi na kofia iliyolowa inatosha. Simama kivulini.

Chuma_Hakilali

Basi nami nikiri. Wateja wangu wawili wanakwenda kukimbia 42 na nilikuwa nimewapangia nusu saa ya kupasha na kuchuchumaa 100. Nafuta leo.

Kocha_wa_Mbulu

Kuchuchumaa mia kabla ya marathoni! Mzee, wangekushtaki.

Mguu_wa_Moro

*(miezi mitano baadaye)*

Wakuu, niliahidi mrejesho kwa kocha inboksi, acha niulete kwa wote. Nimekimbia marathoni ya pili, Dar, njia tambarare, saa 11:30 alfajiri kabla jua halijachomoza. Nilitembea dakika 10, nikajogi 4, nikasimama na fulana kavu nikiona aibu, maana jirani zangu wote walikuwa wanaruka ruka. Kilomita ya kwanza 5:20, niliumia roho kuona watu wananipita. Ya pili 5:08. Jeli 4 njiani, nilizizoeza tumbo mazoezini. Nimemaliza 3:33. Kilomita ya 35 miguu ilikuwa inauma lakini gari halikuzima.

Sasa sijui nimshukuru nani. Nimebadili kupasha, nimebadili kasi ya kuanza, nimekula jeli, na hakukuwa na Mweka. Kocha na Muuguzi mgombane tena.

Muuguzi_wa_Zamu

Jeli.

Kocha_wa_Mbulu

Hongera sana kijana. 5:20.

Binti_Spaiki

Hongera kaka! Mimi pia, niliruka pale pale chumbani mpaka wenzangu wakanicheka. 2:17.

Jirani_wa_Kibaha

Samahani nachelewa kwenye uzi. Mimi nina kilomita 21 mwezi ujao, lengo 1:38. Niko upande gani, wa 1500 au wa marathoni?

Kocha_wa_Mbulu

Katikati, karibu zaidi na marathoni. Jogingi dakika 8 hadi 10, vipande 2 vya mita 60 visivyo vikali, basi. Kwa 1:38 kilomita ya kwanza iwe 4:45, kisha shuka hadi 4:38.

Mtoka_Iten

Kocha, hapo nakukatalia kidogo. Huku kwa nusu marathoni hata wa kawaida hupasha dakika 15 na vipande 4. Ile mbio inakimbiwa karibu na kikomo chako tangu mwanzo, si kama 42. Ukianza ukilala, unapeleka deni mpaka kilomita ya 6.

Kocha_wa_Mbulu

Wa kwenu anakimbia 1:05, Jirani ni 1:38. Wa kwenu anakaa karibu na kikomo kwa saa moja tu, huyu atakaa saa moja na dakika 38, hivyo lazima aanze chini zaidi. Lakini sina ushahidi wa kukufunga mdomo. @Jirani_wa_Kibaha, una Jumapili nne. Mbili fanya yangu, mbili fanya ya Iten, kilomita 10 kwa kasi ya mbio yako, njia ileile, saa ileile. Andika muda wa kila moja ya kilomita 3 za kwanza na jinsi pumzi ilivyokuwa, uje utuwekee hapa.

Jirani_wa_Kibaha

Sawa kocha. Jumapili hii naanza na ya Iten, mvua isiponizuia.